Chupa za maabara Ahero: kwa nini safu ya "Idadi" haitoshi

Wanaonisoma hapa mara kwa mara wanajua kwamba mada zangu ni Linux, hifadhidata na vita visivyoisha kati yangu na mtandao unaokatika. Wiki hizi nimekuwa kimya kwa sababu nilikuwa nahesabu chupa. Ndiyo, chupa. Zahanati moja isiyo ya serikali hapa Ahero (jina lake naliacha) iliniomba niwatengenezee programu ndogo ya kuhesabu vitendanishi vya maabara yao. Nilidhani ni kazi ya jioni mbili, maana duka lolote la rejareja linahesabu bidhaa: zimeingia kumi, zimetoka nne, zimebaki sita. Chupa za maabara zikakataa kuhesabiwa hivyo, na namna zilivyokataa ndiyo habari ya leo.

Kwa wasiopajua, Ahero iko kilomita 20 na ushei kutoka Kisumu mjini, pale njia ya Nairobi inapoachana na ile ya Kisii. Tuko kwenye tambarare za Kano, katikati ya mashamba ya mpunga ya mradi wa umwagiliaji ulioanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Maji yaliyosimama mashambani yanatupa mchele, na yanawapa mbu makao. Kwa hiyo kazi kubwa ya maabara yoyote ya hapa ni malaria: tone la damu kwenye slaidi, rangi, kisha hadubini. Kipo pia kile kipimo cha haraka cha kijikaratasi, lakini mtaalamu wa maabara hii haachi hadubini yake. Mimi humwita Daktari kama wagonjwa wanavyomwita. Yeye huniita kijana wa kompyuta.

Alinionyesha daftari lake, la kurasa za mistari, limefungwa vizuri kwa karatasi ya kahawia. Safu zilikuwa tatu: Bidhaa, Tarehe, Idadi. Mstari mmoja ulisema "Giemsa – 2". Nikamwuliza, "Daktari, hizi mbili ni nini? Chupa mbili, lita mbili?" Akanipeleka kabatini. Palikuwa na chupa moja ya mililita 500 iliyofungwa, nyingine ya 500 iliyobaki robo, na kando yake vichupa vitatu vya kudondoshea vilivyojazwa kutoka ile ya robo. Daftari lilisema mbili, macho yalisema tano, na ukiuliza "inatosha mpaka lini?" hapakuwa na jibu.

Hebu tuanzie kwenye hiyo Giemsa, kwa sababu ukielewa chupa moja umeelewa kabati zima.

Rangi ya Giemsa inayokaa chupani ni rangi nzito. Anayejitengenezea mwenyewe huchanganya gramu 3.8 za unga na mililita 250 za methanoli na mililita 250 za gliserini. Wengi hununua iliyo tayari. Adui yake mkubwa ni maji. Matone machache ya maji yakiingia kwenye rangi nzito, inaanza kuharibika polepole humo humo chupani, na huwezi kuiokoa. Ndiyo maana hakuna anayechovya bomba lenye unyevu ndani ya chupa kubwa. Humiminwa kidogo kwenye kichupa cha mililita 25 au 50, hicho ndicho hutumika siku hadi siku, na kinachobaki humo hakirudishwi kwenye chupa kubwa kamwe. Pia chupa haitikiswi, kwa sababu chembe zilizotulia chini zitapanda na kuonekana kwenye slaidi kama vidoti, na mtu aliyechoka anaweza kudhani ni vimelea.

Sasa angalia maana yake kwa mtu wa hifadhidata. Vile vichupa vitatu havikununuliwa. Vilizaliwa. Kila kimoja kina mama yake, kina loti ya mama yake, kina tarehe ya mwisho ya mama yake, na kina hatari za mama yake. Lakini kimefunguliwa siku nyingine, kinakaa mahali pengine, na kinaweza kuharibika peke yake wakati mama yuko salama. Kwa hiyo mstari mmoja katika jedwali langu hauwezi kuwa "Giemsa". Lazima uwe chupa moja, yenye namba yake. Baada ya kufuta futa nikabaki na hili:

```
CREATE TABLE chupa (
  namba         TEXT PRIMARY KEY,  -- G-07, G-07/2
  mama          TEXT,              -- imemiminwa kutoka ipi
  bidhaa        TEXT,
  loti          TEXT,
  kiwandani     DATE,              -- mwisho ulioandikwa na kiwanda
  imefunguliwa  DATE,
  siku_baada    INTEGER,           -- maisha yake ikishafunguliwa
  hatari        TEXT NOT NULL,     -- H225 H301 ...
  mahali        TEXT,
  gramu         REAL               -- uzito wa mwisho
);
```

Natumia SQLite, faili moja kwenye kompyuta kuukuu yenye Linux, betri yake bado inashika saa mbili stima ikipotea. Hakuna seva wala mtandao. Safu mbili katika hizo zinahitaji maelezo, yaani `siku_baada` na `gramu`, halafu tutafika kwenye `hatari`, ambayo ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Kila kitu cha maabara kina tarehe mbili za kufa. Ya kwanza imechapwa na kiwanda, na inahesabiwa kwa chupa iliyofungwa na kuwekwa mahali panapotakiwa. Ya pili huanza kuhesabiwa siku unayofungua. Mfano mzuri ni vile vijiti vya kupimia mkojo. Kopo lililofunguliwa Ahero tarehe 4 Machi 2025 liliandikwa Novemba 2026, na ukiliangalia unaona una zaidi ya mwaka na nusu. Lakini karatasi iliyokuja ndani ilisema vijiti vitumike ndani ya siku 90 baada ya kufungua. Basi mwisho wake halisi ulikuwa tarehe 2 Juni 2025. Unyevu ndio unaoviua, na hapa, mashamba yakiwa yamejaa maji, unyevu si kitu cha kutafuta. Kijiti kilicholewa unyevu hakikuambii kwamba kimekufa. Vile viraka vyake vinabadilika rangi kidogo kabla hata havijagusa mkojo, na mtu hupewa majibu ya sukari au protini ambayo hayapo, au huambiwa hana wakati anayo. Njia ya kukitambua ni kulinganisha kijiti kikavu na chati iliyo ubavuni mwa kopo: kama viraka vikavu havifanani na safu ya "hakuna", kopo zima linatupwa.

Programu inatafuta ile tarehe inayotangulia kati ya hizo mbili:

```
SELECT namba, bidhaa,
  MIN(kiwandani,
      COALESCE(date(imefunguliwa, '+' || siku_baada || ' days'),
               kiwandani)) AS mwisho
FROM chupa ORDER BY mwisho;
```

Kama chupa haijafunguliwa, `date()` inarudisha NULL na tunabaki na tarehe ya kiwanda. Ni mistari michache tu. Kazi yenyewe si kuiandika. Kazi ni kumfanya mtu aandike tarehe ya kufungua, kwenye chupa, kwa penseli, kabla hajaitumia. Nasema penseli kwa makusudi. Wino wa kalamu ya maka na wa printa ya kawaida hufutika ukiguswa na methanoli, na lebo inabaki karatasi nyeupe yenye kivuli cha buluu. Penseli haijali. Sisi sasa tunachapa lebo, kisha tunaifunika kwa utepe mwangavu, na tarehe ya kufungua inaandikwa kwa penseli kwenye kipande kilichoachwa wazi.

Giemsa yenyewe haina idadi rahisi ya siku. Ikifungwa vizuri, gizani, mbali na joto, hukaa muda mrefu sana. Ikiingia maji, hufa hata kama tarehe iko mbali. Kwa hiyo kwayo `siku_baada` iko wazi, na badala yake kila kichupa kipya hupimwa. Kipimo chake ni kizuri sana kukitazama, nami nilimwomba Daktari anirudie mara mbili. Unaweka karatasi ya kuchujia juu ya bika, unadondosha tone moja au mawili ya rangi katikati, unaliacha lisambae. Kisha unadondosha methanoli tone baada ya tone pale pale katikati, polepole. Rangi inajitenga kwa miviringo: buluu katikati, zambarau pana inayoizunguka, na pembeni kabisa ukanda mwembamba mwekundu. Ukanda mwekundu ukikosekana, au zambarau ikikosekana, rangi hiyo haifai. Kitu cha pili wanachoangalia ni maji ya bafa yanayotumika kuizimua, yawe pH 7.2. Bafa ikiwa na asidi, slaidi nzima inaegemea pinki. Ikizidi upande mwingine, kila kitu kinakuwa cha buluu. Katika hali zote mbili kimelea kinaweza kuwepo na usikione.

Haya, tuje kwenye swali la "inatosha mpaka lini". Hapa ndipo nilipofurahia hesabu za darasa la sita.

Kwa njia ya haraka, rangi huzimuliwa iwe asilimia 10, yaani sehemu moja ya rangi na tisa za bafa, na slaidi moja hufunikwa kwa takriban mililita 3 za mchanganyiko huo. Kwa hiyo slaidi moja inakula mililita 0.3 za rangi nzito. Zahanati hii hupima wastani wa slaidi 12 kwa siku ya kawaida. Mara 0.3, tunapata mililita 3.6 kwa siku, na chupa ya 500 itakaa siku 138. Hesabu safi. Na ni uongo.

Ni uongo kwa sababu mchanganyiko ukishazimuliwa haudumu. Hutengenezwa mpya, hutumika hapo hapo, unaobaki humwagwa. Na wagonjwa hawaji kumi na wawili kwa pamoja. Wanakuja watano asubuhi, wanne saa sita, watatu jioni wakitoka shambani. Daktari hutengeneza mililita 20 kila mara, mara tatu kwa siku: jumla mililita 60, ambazo ndani yake mna mililita 6 za rangi nzito. Gawanya 500 kwa 6 upate siku 83. Tofauti kati ya nadharia na zahanati ni siku 55 za kutokuwa na rangi. Ndiyo sababu programu haihesabu wagonjwa. Inahesabu michanganyiko. Kila anapotengeneza mililita 20 anabonyeza kitufe kimoja, na mililita 2 zinatoka kwenye kichupa kinachotumika.

Kutokana na hapo kiwango cha kuagiza kinajipata chenyewe. Muuzaji wa Kisumu akiwa hana, mzigo unatoka Nairobi, na wao wamezoea kusubiri hadi wiki tatu. Siku 21 mara mililita 6 ni 126. Tukaongeza akiba ya wiki mbili, mililita 84. Jumla 210. Rangi iliyobaki ikifika 210 mstari unakuwa mwekundu. Halafu Daktari akaniuliza, "Na mvua?" Baada ya masika malaria hupanda, slaidi zinafika 24, na michanganyiko inakuwa mitano kwa siku, yaani mililita 10. Mililita 210 kwa kasi hiyo ni siku 21 kamili. Akiba yote imeliwa, na gari la Nairobi likichelewa siku moja mmekwama. Kwa hiyo kuanzia Aprili hadi Julai kiwango kinapanda hadi 350. Namba hizi ni za zahanati hii moja. Ukitaka kuzitumia kwako, hesabu kwanza mchanganyiko wako wa kila siku kwa wiki mbili.

Lakini utajuaje zimebaki 210 kweli? Kumimina kwenye silinda ya kupimia ili usome ni njia bora ya kuingiza unyevu. Kukadiria kwa jicho kupitia kioo cha kahawia ni kubahatisha. Tulinunua mizani ya jikoni. Chupa inapimwa siku inapofika, ikiwa imejaa, kisha kila Ijumaa. Kinachopungua ni kimiminika tu, kioo hakipungui. Jambo la kukumbuka ni kwamba gramu moja si mililita moja. Mililita ya methanoli ina gramu 0.79 tu, kwa hiyo chupa iliyopungua gramu 79 imepoteza mililita 100. Rangi ya Giemsa, kwa sababu nusu yake ni gliserini nzito, iko karibu na gramu 1.03 kwa mililita. Programu inafanya huo ugawaji, mtu anaandika gramu anazoziona.

Na ni mizani hiyo iliyotuonyesha jambo ambalo daftari lisingeonyesha hata kwa miaka kumi.

Methanoli safi hutumika kukaza ule utando mwembamba wa damu kwenye slaidi kabla ya kupaka rangi. Zahanati hununua chupa ya lita 2.5, ya kioo cha kahawia. (Kwa njia, chupa hiyo zamani ilikuwa ikija kutoka Kisumu kwa matatu, katikati ya miguu ya abiria. Tafadhali usifanye hivyo.) Ijumaa moja matumizi yaliyoandikwa yalikuwa mililita 120 kwa wiki. Mizani ilisema chupa imepungua gramu 206. Gawanya kwa 0.79 upate takriban mililita 260. Mililita 140 zimeenda wapi?

Jambo la kwanza tulilofikiri ni kifuniko, maana methanoli hupanda hewani haraka. Kifuniko kilikuwa kizima. Tukaifunga, tukaipima Jumamosi na Jumapili, haikupungua hata gramu mbili. Basi haikuwa hewa, alikuwa mtu. Jumatatu Daktari akauliza wenzake kwa upole, na jibu likaja bila ubishi: mtu wa usafi alikuwa ameambiwa zamani kwamba "spiriti ya maabara" inatoa madoa ya rangi ya buluu kwenye sinki na meza, na ni kweli, inatoa. Alikuwa akijimiminia kidogo kila siku kwenye chupa ya soda ya plastiki. Ilikuwa chini ya sinki. Kimiminika cheupe kama maji, chenye harufu ya pombe, ndani ya chupa ya soda, bila neno lolote juu yake.

Hapa nataka twende taratibu. Methanoli si spiriti ya kawaida. Mwili huigeuza kuwa asidi ya fomiki, ambayo hushambulia mshipa wa macho. Mililita 10 zimewahi kutosha kumpofusha mtu, na 30 zinaweza kumwua. Dalili hukawia, mara nyingi nusu siku au zaidi, kwa hiyo aliyekunywa hulala akidhani amelewa tu. Wakenya tunaijua hadithi hii: Novemba 2000 Nairobi, na tena Mei 2014 katika kaunti kadhaa, pombe haramu yenye methanoli iliua watu kwa makumi. Pale chini ya sinki palikuwa na chupa ya kutosha kuua watu kadhaa, katika jengo lenye watoto wanaosubiri sindano. Na hata bila kunywa, yule mtu wa usafi alikuwa akiifutia meza mikono mitupu, chumba kimefungwa, na methanoli hupita kwenye ngozi na kwenye pumzi.

Hakuna aliyekuwa mwovu. Chupa kubwa ilikuwa na lebo yake yote. Ilipomiminwa, kimiminika kilihama na lebo ikabaki nyuma.

Ndiyo maana safu ya `hatari` katika programu hairuhusiwi kuwa tupu, na ndiyo maana chupa mtoto hurithi ya mama bila kuulizwa. Ukibonyeza "mimina", programu inachapa lebo mpya papo hapo: namba, jina, tarehe, na hatari. Hakuna lebo, hakuna kumimina. Yule mtu wa usafi sasa ana chupa yake mwenyewe, ya spiriti ya ethanoli ya kusafishia, yenye namba, na glavu.

Cha kuandika kwenye safu hiyo kilitaka uangalifu kuliko nilivyotegemea. Kabati la zahanati lina chupa za miaka mbalimbali, na alama za hatari zimebadilika. Za zamani, zilizotoka Ulaya, zina mraba wa rangi ya machungwa wenye picha nyeusi na herufi kama T kwa sumu na F kwa kinachoshika moto. Za sasa zina umbo la almasi yenye ukingo mwekundu, za ule mfumo wa Umoja wa Mataifa uitwao GHS, uliotolewa 2003. Nyingine, hasa kutoka Marekani, zina almasi ya rangi nne yenye namba. Kishawishi cha mtengeneza programu ni kuweka safu moja iitwayo "kiwango cha hatari" na namba ndani yake. Usithubutu. Katika almasi ya Kimarekani namba kubwa ndiyo hatari kubwa: 4 ni mbaya kuliko 1. Katika GHS ni kinyume: kundi la 1 ndilo baya kuliko yote. Methanoli kwa kushika moto ni 3 huku na 2 kule, na ni kimiminika kile kile. Ukizichanganya katika safu moja, orodha yako itapanga kabati kichwa chini miguu juu.

Kwa hiyo tunaandika zile alama za H tu, ambazo kila moja ina maana moja. Methanoli ni H225 (kimiminika na mvuke wake vinashika moto upesi sana), H301, H311 na H331 (sumu ukiimeza, ikigusa ngozi, ukiivuta), na H370 (inadhuru viungo vya mwili, macho yakiwa mbele). Programu inazigeuza kuwa sentensi za Kiswahili kwenye lebo, na mtu hahitaji kukariri alama. Kwa chupa kuukuu zenye mraba wa machungwa hatukutafsiri herufi. Tulichukua jina la kemikali lenyewe tukatafuta alama zake za sasa.

Hiyo H225 ndiyo pia inayoamua `mahali`. Mvuke wa methanoli unaweza kushika moto kuanzia joto la takriban nyuzi 11. Ahero kwa kawaida haishuki hadi nyuzi 11 hata alfajiri. Maana yake chupa iliyo wazi hapa iko tayari kuwaka saa zote, na taa ya spiriti inayopashia slaidi za kifua kikuu ilikuwa kwenye meza iliyo chini ya rafu hiyo hiyo. Ilihamishwa siku ile. Asidi nazo zilitenganishwa na Jiki, kwa sababu zikikutana hutoa gesi ya klorini. Kabla ya hapo kabati lilipangwa kwa alfabeti, mpangilio mzuri kwa vitabu.

Vitabu vya usalama husema chupa nzito za kioo ziwekwe chini kabisa, zisije zikaanguka kutoka juu. Sawa, lakini waandishi wake hawakuishi karibu na mto Nyando. Mto huu ulifurika 2020, ukafurika tena 2024, na maji yakiingia ndani ya nyumba rafu ya chini ndiyo ya kwanza kuogelea. Tukakubaliana urefu wa kiuno: chini ya macho, juu ya maji. Fundi seremala akaongeza ukingo wa mbao mbele ya rafu.

Friji ndiyo sehemu ambayo programu yangu bado ni kipofu. Dawa za kupimia makundi ya damu hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na zikiganda zimekwisha. Stima hapa hupotea usiku na kurudi bila kuaga, na asubuhi friji inasoma nyuzi 5 kana kwamba hakuna kilichotokea. Kipimajoto kinachokumbuka kiwango cha juu na cha chini ndicho kinachosema ukweli, na Daktari anaandika namba zote mbili kila asubuhi kabla ya kukirudisha sifuri. Ikipita 8, programu inaziweka chupa zote za friji katika hali ya "zisubiri", na haziachiliwi mpaka ajaribu kila moja kwa damu ambayo kundi lake linajulikana. Iwapo majibu ni dhaifu au kichupa kimeingia ukungu, kinafutwa kwenye orodha.

Wiki iliyopita aliniita tena. Kichupa G-07/2 kilikuwa kimeshindwa kwenye karatasi ya kuchujia: buluu ipo, zambarau ipo, ukanda mwekundu hakuna. Ndugu zake wawili walikuwa wazima, na mama yao pia. Tulipoangalia kumbukumbu, kilikuwa kimemiminwa asubuhi ile ile vyombo vyote vilipooshwa. Kiliingia rangi kabla hakijakauka. Kimetupwa mililita 38, na sasa programu, kabla ya kuchapa lebo, inauliza swali moja zaidi: "Kichupa ni kikavu?"

Faili la jedwali na mistari ya kuchapa lebo nitampa yeyote anayetaka, ni programu huria. Niandikie hapa chini useme una chupa gani.